Jirani wa Mlizamu

Bibi alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, mwaka 2009, nyumbani kwetu Mkomani, Lamu. Mimi nilikuwa likizo, mwanafunzi wa sosholojia wa mwaka wa pili huko Nairobi.

Mjomba hajapiga hata simu ya kwanza, mlango wa wikio ukafunguliwa. Wikio ni kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikaunganisha nyumba yetu na ya ng'ambo. Aliyeingia ni jirani ambaye Bibi hakusema naye tangu masika, kisa mlizamu wa paa letu uliokuwa ukimwaga maji ukutani kwake. Alimfumba Bibi macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akatuma mtoto awaamshe wanawake wa mtaa. Kufikia alfajiri maji, kafuri na sanda vilikuwa tayari. Bibi akazikwa baada ya sala ya Ijumaa, na sikusikia mtu akitaja ujira.

Muhula ule tulikuwa tumesoma habari za Ferdinand Tönnies, Mjerumani aliyetenganisha mwaka 1887 aina mbili za kuishi pamoja: ya jumuiya, na ile ya maslahi na mikataba. Katika ya kwanza, alisema, watu hubaki wameungana japo yapo mengi ya kuwatenga. Katika ya pili hubaki wametengana japo yapo mengi ya kuwaunganisha. Niliyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Usiku ule niliyaelewa, nikimtazama yule jirani akilia kichwani pa Bibi. Nikakumbuka pia ukuta wangu wa Nairobi: mwaka mzima nilisikia kikohozi cha mtu wa upande wa pili, wala sikujua jina lake.

Ningeishia hapo, ningeamini kabisa kwamba jiji hula undugu. Lakini siku ya tatu, siku ya hitima, alishuka kwenye boti ya Mokowe rafiki yangu wa chuo, mzaliwa wa Kisumu, baada ya siku mbili za basi. Hakuwa na ukoo wala dini moja nasi. Baadaye nilisoma utafiti wa mwanasosholojia Claude Fischer, aliyewahoji watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Kalifonia na kuchapisha matokeo mwaka 1982. Wakazi wa mijini hawakuwa wapweke kuliko wengine; walikuwa na ndugu wachache zaidi katika watu wao wa karibu, na marafiki wa kuchagua wengi zaidi. Nilipousoma nilimwona rafiki yangu huyo, na vumbi lake la safari.

Shangazi zangu walimtazama mlangoni. "Mwana wa nani huyu?" mmoja akauliza, maana kwetu swali hilo ndilo linalompa mtu mahali pa kukaa. Sikuwa na jibu watakalolitambua. Jirani wa mlizamu akasogea mkekani, akaipigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki.

"Njoo, mwanangu. Keti hapa."