Buriani mzee wetu wa kalafati

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mzee wetu pale Matondoni ametutoka, tumemzika jana baada ya alasiri. Sitasema alikuwa fundi bora pwani nzima, mwenyewe angenikatiza. Na hakuwa mtu wa maneno mengi, ukichelewa kazini anakununia mpaka adhuhuri. Lakini kalafati aliijua jamani, na alimfundisha yeyote aliyekubali kukaa naye chini.

Alikuwa anasokota pamba kwa kiganja, anaipaka mafuta, halafu anaishindilia kwenye mwanya wa mbao za jahazi kwa patasi na nyundo polepole huku anasikiliza mlio, ukiwa bado mzito basi pamba haijashika, ukilia kama mbao nzima anasogea mbele, na hakutaka upige kwa hasira maana pamba ikizidi, mbao zikilowa zinavimba na misumari inaanza kulegea.

Kuna jahazi moja mwenyewe alikuwa na haraka, anataka lishuke na maji makubwa ya bamvua, mzee akagundua mbao ya chini imeoza kwa ndani, akakataa, akasema itolewe kwanza. Wakagombana sana. Bamvua likapita tukangoja lingine, kama wiki mbili hivi, na hakudai pesa ya ziada. Mimi namkumbuka kwa hilo.

Allah amrehemu. Hitima ni Ijumaa baada ya magharibi, vijana aliowafundisha njooni tumsomee, na mlioazima vifaa vyake tafadhali mrudishieni mkewe.