Mguu unaoburuzwa

Wiki nzima nimekuwa nikigeuza mchezo wangu wa redio kuwa skripti ya video, na onyesho moja limenitoa jasho. Kwenye redio, msikilizaji anamtambua mwizi kwa hatua zake: ko, kisha mburuzo, ko, kisha mburuzo. Ni mjomba. Haonekani, ndiyo maana inanoga.

Kwenye video, ukimwonyesha akichechemea, siri imekwisha. Nikaandika: "Dada anagundua kuwa ni mjomba." Mwongozaji akaniuliza, "Sasa hapo kamera ipige nini?" Nikanyamaza.

Nikahamishia sauti kwenye viatu. Onyesho la pili, mjomba anavua viatu mlangoni. Soli ya kushoto imelika ubavuni. Tunapita haraka, hakuna anayesema neno. Onyesho la tisa, Dada anamulika tope: alama moja ya kiatu imekamilika, ya pili ni mfereji mrefu. Anageuka kutazama viatu mlangoni. Kimoja kina tope bichi ubavuni.

Ile kauli ya "Nani huyo anayeburuza mguu?" nimeifuta. Iliniuma, maana niliipenda.