Mtaro ushaziba

Leo mchana hapa Ngamiani, jirani kaniletea rasimu ya barua kwa mtendaji wa kata. (Humu "kaniletea" ruksa, kwenye barua hapana.)

Kaandika hivi:
"Mtaro ushaziba kitambo, maji yanatuletea shida na vitu vinaharibika. Tushasema sana, naomba mfanye kitu."

"Ushaziba" ni "umekwisha kuziba" iliyofupishwa na mdomo. Kwenye barua, "umeziba" inatosha. Ila usipanue kila kifupi: "mwenzangu" na "mumewe" ni sanifu, ziache.

Kazi kubwa iko kwenye maneno mapana.
"Kitambo" ni lini?
"Shida" gani?
"Vitu" vipi?
Nikamuuliza moja moja, akajibu. Na kwa kuwa wanaolalamika ni wengi, "naomba" ikawa "tunaomba".

Ikatoka hivi:
"Mtaro umeziba tangu tarehe 2 Aprili. Mvua ikinyesha, maji huingia katika nyumba nne na kulowesha magodoro na magunia ya mchele. Tulimwarifu mwenyekiti wa mtaa mara mbili kwa mdomo. Tunaomba mtume mafundi wauzibue."

"Mfanye kitu" ndiyo iliyonishika. Mtendaji akijibu "tumeipokea", si keshafanya kitu? "Wauzibue" haina mwanya huo.

Alitaka pia kuweka "kufanyiwa utekelezaji wa uzibuaji". Nimekataa. Huo si urasmi, ni kitenzi kimoja kilichofichwa chini ya majina mawili.

Nyie mngeandikaje "tushasema sana" kama hamna tarehe za kutaja?