Siku ya kuchuja maombi 64 kwa nafasi 20

Saa 2:00 asubuhi. Mafunzo ni ya ufugaji nyuki, siku tano, kwa waombaji wa kanda nne. Kabla ya kufungua fomu hata moja, vigezo vinabandikwa ukutani: uzoefu wa mizinga alama 40, mpango wa kutumia mafunzo 35, uthibitisho wa kikundi au ofisi ya kijiji 25. Chini ya 60 haingii mtu, atoke kanda yoyote. Vigezo vikiguswa baada ya majina kuonekana, kazi nzima imeharibika.

Saa 3:00. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, wanasoma fomu zote zenye namba bila majina. Kugawana nusu kwa nusu kungeokoa muda, ila msomaji mkarimu angewabeba watu wa fungu lake tu. Fomu ya Tabora ina mistari minne: mizinga 40, ya magome 25, mavuno ya msimu uliopita. Ya Dar es Salaam ina kurasa mbili za maneno mazuri na mizinga miwili. Kigezo kinahesabu mizinga, si ufasaha.

Saa 6:30 mchana. Fomu ambazo wasomaji wamepishana zaidi ya alama 15 zinajadiliwa. Leo ni saba, na katika tano kati yake mmoja hakugeuza ukurasa.

Saa 8:00. Alama zinapangwa kwenye kompyuta. Hapa ndipo pa hatari: ukipanga safu ya alama peke yake, majina yanabaki palepale na kila mtu anapewa alama za mwenzake. Tunachomoa fomu tatu za karatasi na kuzilinganisha na jedwali.

Kwa alama tupu, Mashariki inapata 9, Kaskazini 7, Ziwa 3, Magharibi 1. Kanuni yetu inaipa kila kanda nafasi tatu za kwanza, kisha zinazobaki zinagombewa na wote kwa alama. Magharibi ina wawili tu waliofika 60. Wa tatu ana 52, kwa hiyo nafasi yake inarudi kwenye kapu la wote. Zimejazwa 11, zimebaki 9. Mwisho wa hesabu amebadilika mtu mmoja tu: wa Mashariki mwenye 71 ametoka, wa Magharibi mwenye 63 ameingia. Huyo wa 71 anakuwa wa kwanza kwenye akiba.

Saa 9:30. Waliochaguliwa wanapigiwa simu, wathibitishe kabla ya Ijumaa. Watano wa akiba wanaambiwa wazi kuwa ni akiba, na jibu lao la mwisho litakuja Jumatatu.

Saa 10:30 jioni. Waliobaki 39 wanaandikiwa leo hii, si baada ya mafunzo kuanza. Anwani zinawekwa kwenye `Bcc`; zikikaa kwenye `Cc`, kila aliyekosa anawaona wenzake wote. Wasio na barua pepe wanatumiwa ujumbe wa simu:

“Habari. Ombi lako la mafunzo ya nyuki halikuchaguliwa. Maombi yalikuwa 64, nafasi 20. Ukitaka kujua alama zako kwa kila kigezo, piga namba hii kabla ya tarehe 30.”

Simu ya kwanza inaita saa 10:50. Jedwali liko wazi mezani.