Aliyeingia Mwisho

Tulikuwa marafiki watano, na karibu kila mmoja wetu alikuwa na jina la utani lililotokana na umbile lake. Mimi niliitwa Njiti kwa sababu ya wembamba, mwenzetu mwingine aliitwa Kipara tangu nywele zilipoanza kumtoka utosini akiwa bado kijana, na rafiki yetu mnene aliitwa Bonge. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hesabu yetu ilikuwa sawa, kwamba wao wananitania nami nawatania, na hakuna anayemdai mwenzake. Tena Bonge ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote, kwani kabla hujafungua mdomo alikuwa amekwisha kujitania mwenyewe na kutuchekesha hadi machozi. Ningedhanije kwamba anaumia?

Jioni moja tulikwenda kumtembelea jamaa yetu aliyekuwa amehamia ghorofa ya saba. Bonge na wenzetu watatu waliingia katika lifti pamoja na watu wanne tusiowafahamu, nami nikabaki nyuma kidogo nikimalizia mazungumzo ya simu. Nilipotia mguu ndani, kengele ikalia na mlango ukakataa kufunga. Ukutani palikuwa na kibao kilichoandikwa kilo 630, watu 8, na yeyote ambaye angehesabu vichwa angeona kwamba wa tisa nilikuwa mimi. Sikuhesabu. Nilisema kwa sauti iliyosikika na wote, "Bonge, shuka utuokoe!" Wenzangu wakaangua kicheko, na wale wanne nao wakacheka, mmoja wao akimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Bonge alitabasamu, akalivuta shati lake mbele ya tumbo kama alivyozoea, akatoka akisema, "Acha nipande ngazi, nipungue kidogo." Kengele ikanyamaza, nasi tukaenda zetu.

Alipochelewa nilitoka kumtafuta, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za juu kabisa akijifuta jasho, asitake kuingia mbele za watu katika hali ile. Nilikuwa tayari na mzaha mwingine, lakini alinikatiza bila hasira yoyote. "Mimi nilikuwa ndani na kengele ilikuwa kimya," alisema. "Ililia ulipoingia wewe."

Nilitaka kumjibu kwamba mashine hupima uzito na wala haijali nani ametangulia, na kwamba mimi nina kilo 58 tu. Hata hivyo hoja hiyo haikuwa na miguu, kwa kuwa bila mimi lifti ingeondoka. Nikaketi kando yake, naye akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: "Nikijitania mwenyewe, angalau nachagua neno. Mkianza ninyi, sijui mtaishia wapi." Mizaha ile ambayo mimi niliichukulia kuwa ruhusa ilikuwa ngao yake. Akaniomba nisimwite Bonge tena mbele ya watu wasiotujua.

Usiku huo niliirudia ile hesabu yangu ya usawa, nikaona mahali ilipokosewa. Jina la Njiti lilitajwa tukiwa sisi kwa sisi, na halikuwahi kuninyima nafasi yangu mahali popote wala kumfanya mgeni anikague mwili. Nilimkumbuka pia Kipara, ambaye siku moja alituomba tusiguse habari za nywele mbele ya mchumba wake. Tuliacha palepale, na jioni ile tulicheka kwa mambo mengine bila kupungukiwa na chochote. Utani wa aina hiyo huwekwa chini ukiombwa, kisha urafiki ukaendelea na njia yake.

Kwa Bonge hatukufanya hivyo. Kesho yake niliwaeleza wenzetu ombi lake, nikidhani namsaidia, na mmoja akasema, "Kumbe siku hizi Bonge ana ngozi laini! Basi tumwandikie barua ya kuomba kibali kwanza." Tukacheka sote, nami nikiwamo. Tangu hapo kila aliposalimiwa aliulizwa kama barua yetu imemfikia, naye akawa anacheka pamoja nasi, ila kicheko chake kilianza baada ya chetu. La kwenye lifti naweza kulisamehe kidogo, kwa maana nilitenda bila kufikiri. Hili la barua nililicheka nikijua.

Wiki chache baadaye tulialikwa tena katika ghorofa ileile. Lifti ilipofunguka ilikuwa tupu, nasi tulikuwa watano tu, ila Bonge alibaki nyuma na kuinama. "Tangulieni," alisema, "nafunga kamba za viatu." Mlango ulipokuwa ukifunga nilitazama miguuni mwake. Viatu alivyovaa havikuwa na kamba.