Gunia nililolizika, na chumvi inayonipimia mahindi

Nilizamisha mkono hadi kiwiko katikati ya gunia la chini kabisa, nikakuta joto. Mahindi makavu huwa ya baridi. Haya yalikuwa kama kifaranga kiganjani, na nilipovuta konzi moja mwangani, kwenye viini vya punje kulikuwa na unga wa kijani-manjano.

Tuko Kongwa, Dodoma. Mwaka 2016 mkoa wetu na Manyara ulipata mlipuko wa sumukuvu: watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Walikuwa wanakula mahindi ya nyumbani, kama haya yangu. Macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, ini linakufa. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Lakini ushauri niliopewa siku ile bado unaniudhi. Shemeji alisema, "Osha, anika tena, peleka mashineni. Moto wa ugali hauachi kitu." Moto unaua kuvu, ndiyo, ila sumu yenyewe imeshabaki ndani ya punje, na haivunjiki mpaka joto lipite nyuzi 200 na zaidi. Maji ya ugali yanachemka kwenye 100. Kuosha nako kunaondoa ule unga unaoonekana tu, halafu kunaongeza unyevu. Jirani akasema basi wape kuku. Kuku naye ana ini, na ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Nililizika gunia lote, shimo la kina, mbali na kisima. Niliumia, maana ni kilo kama mia za jasho langu.

Magunia saba ya juu nilimwaga moja moja kwenye turubai, nikachambua siku tatu na binti yangu. Tulitoa kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyotobolewa na dumuzi au iliyobadilika rangi, maana kuvu huingilia palipo na jeraha. Kisha tukayakoboa yote, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba nazo nikazizika. Mwaka ule hatukula dona. Kuchambua hupunguza sumu, hakuimalizi. Punje inaweza kuonekana safi na ikawa nayo, na kiwango kinachoruhusiwa, mikrogramu 10 kwa kilo, hakijulikani kwa macho bali kwa kipimo. Ndiyo maana nilipeleka sampuli kupimwa kwanza, na hatukugusa unga hadi majibu yaliporudi chini ya hapo.

Kosa lilikuwa langu. Nilivuna mapema kwa kuogopa mifugo inayoachiwa mashambani, nikaanika siku mbili juu ya udongo mtupu, nikapanga magunia kwenye sakafu ya saruji, yakiegemea ukuta. Udongo ndimo kuvu hiyo inamoishi. Na kuuma punje kwa jino, kama tulivyofundishwa na wazee, kuliniambia mahindi yamekauka. Jino langu lilinidanganya.

Sasa napima kwa chumvi. Naanika chumvi juani hadi iwe vumbi kavu kabisa. Nachukua chupa ya kioo, kavu, naijaza mahindi hadi kama robo, naongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo, nafunga, natikisa kwa nguvu dakika moja. Naiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yanarudi juani. Ikianguka yote chini, nashukuru, lakini naanika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu ghala linataka asilimia 13.5. Napima konzi kutoka pembe tofauti za turubai, si pale juu tu panapopigwa na jua. Chupa ikiwa na unyevu hata kidogo, kipimo ni cha uongo, na chumvi ikitoka jikoni moja kwa moja ni hivyo hivyo.

Jioni nafunika turubai kabla umande haujashuka. Magunia yanakaa juu ya chaga, mkono mmoja kutoka ukutani.

Watoto wamezoea sasa. Juzi mdogo aliona doa la kijani kwenye mkate, dada yake akashika kisu akate kipande. Nikamwambia utupe wote, mkate ni laini na nyuzi za kuvu zimeshapita kusikoonekana. Jamu pia ikiota ukungu juu, naimwaga na chupa yake. Dada yake alinitazama kwa huruma, kisha akauliza kama tuwape kuku.

Msimu huu nimefunga magunia tisa. Jana nimezamisha mkono katika kila moja, hadi kiwiko. Yote ya baridi.