Sina Neno

Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Nilikuwa nimeahidi kwenda kumwona, nikaahirisha mara mbili, na siku hiyo nikamwomba kaka amfikishie habari kwamba hata safari ya tatu imekwama kwa sababu ya kazi. Jioni kaka akanirushia skrinishoti. Shangazi alikuwa amemjibu kwa ujumbe wa sauti, na kwa kuwa kaka alikuwa mahali asipoweza kuusikiliza, aliupitisha kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Akanitumia yaliyotoka, bila neno lake hata moja:

"haya mwambie amefanya vizuri kutuambia mapema asije kwa ajili yangu mimi nimeshazoea atakuja mwaka huu hata akija usiku nyumba ni yake sina neno"

Niliyasoma nimesimama, nikayarudia nimekaa. Kila nilivyorudia ndivyo yalivyozidi kuwa makali. "Haya" niliisikia kama ya mtu anayefunga mlango. "Amefanya vizuri" nikaiona kejeli. "Nimeshazoea" ilinichoma kuliko yote, maana niliichukua kuwa amezoea kuahidiwa na kuachwa. Na "atakuja mwaka huu" ikawa dharau kamili, kama tunavyosema juu ya mtu tusiyemtegemea tena. Nikamwandikia mwenyewe: "Nimekuelewa shangazi. Sitakusumbua tena." Nikatuma.

Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuandika manukuu ya mahojiano yaliyorekodiwa. Nilikuwa mtu wa kukaa na vipokea sauti masikioni nikirudisha nyuma sekunde tano tano, na nilijua vizuri kinachoanguka njiani sauti inapohamia kwenye karatasi. Nilijua, na bado nikasoma sauti niliyoitunga mwenyewe, sauti ya mtu niliyemwogopa kwa sababu nilikuwa na hatia.

Usiku kaka akanitumia ujumbe wenyewe. Sekunde 38. Nikauweka kando ya skrinishoti, nikachukua karatasi na kuuandika upya kama ninavyofanya kazini, kwa alama alizozibuni Gail Jefferson, mtafiti Mmarekani wa mazungumzo: nukta mbili pale irabu inapovutwa, muda wa kimya ndani ya mabano, na alama ndogo ya digrii pande zote za maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Mstari wa kwanza ukatoka hivi:

"Haya ha:ya (kicheko) mwambie amefanya vizu:ri kutuambia mapema."

Kwa hiyo alisema "haya haya", mara mbili, na ya pili akaivuta, kama anavyomtuliza mtoto aliyeanguka. Baadhi ya programu za aina hii hufuta neno linalojirudia kwa kudhani ni kigugumizi, na kicheko hazikiandiki kabisa. "Haya" moja kavu na "haya haya" yenye kicheko hazina undugu. Neno hili halina maana ya peke yake. Linaweza kukubali, kuamuru, kutishia, kukata tamaa au kuanzisha safari, na kinachoamua ni urefu wake na namna sauti inavyoshuka mwishoni.

Mstari wa pili ulinifunza zaidi. Baada ya "asije kwa ajili yangu" kuna kimya cha sekunde nzima, kisha "mimi nimeshazoea" inakuja haraka na nyepesi, na nyuma yake unasikika mlio wa kitu anachokiweka mezani. Alikuwa anazungumzia kitambaa cha jicho. Nilijua hivyo kwa sababu kabla ya kimya kile sauti yake iligeuka pembeni, mbali na simu, kama ya mtu anayeshughulika na mikono yake. Kuzoea kwenyewe kulikuwa ni kuzoea kuona kwa jicho moja.

Halafu "atakuja mwaka huu". Kiswahili hakihitaji kupanga upya maneno ili kauli iwe swali, na "je" si lazima. Mara nyingi kiimbo ndicho kinachofanya kazi yote. "Amekula" na "amekula?" zina herufi zile zile. Shangazi alipandisha sauti kwenye "huu", akaiacha juu, akasubiri kidogo kana kwamba kaka yuko mbele yake atamjibu. Lilikuwa swali, tena la mtu anayetamani jibu liwe ndiyo. Programu haikuweka alama ya kuuliza, wala alama nyingine yoyote, na kile nilichokiita dharau kilikuwa ni hamu.

Nisiyaonee maandishi, kwa kweli. Nani, kwa nani, lini, vyote vilibaki salama, maana vitenzi vyetu hubeba mtenda na mtendwa ndani yake. "Mwambie" haiwezi kugeuka "niambie" kwa kukosa sauti. "Hata akija usiku nyumba ni yake" ilikuwa na upendo ule ule kwenye skrini na kwenye sikio. Ningeisoma kwa utulivu ingenitosha kutilia shaka ukali wa mengine yote. Niliipita tu.

Lakini kilichonifanya nirudie ujumbe ule mara saba au nane ni maneno mawili ya mwisho. Kwenye skrini "sina neno" ndiyo niliyoiona ya kawaida kuliko yote, kifungo tu cha mazungumzo, sina kinyongo, basi. Kwenye karatasi yangu iliandikika hivi:

"nyumba ni yake. (3.0) °sina neno°"

Sekunde tatu ni ndefu sana kwa mtu anayerekodi peke yake. Ndani ya kimya kile anasikika akivuta pumzi, na maneno yenyewe yanatoka chini kabisa, "neno" ikikatika kabla ya kufika mwisho. Hapo ndipo alipoumia. Mahali nilipokasirika hapakuwa na hasira, na mahali nilipopita bila kutazama ndipo palipokuwa na jeraha. Ningepungukiwa na maana tu ningetambua pengo. Hapa maana ilikuwa imehama, na mimi niliifuata kule isikokuwapo.

Nikakumbuka nilichomtumia. Alama mbili za kufika zilikuwa pale pale. Nikapiga simu bila kujali saa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Ule ujumbe wangu, shangazi, umeusoma?"

"Kwa jicho gani? Mjukuu ndiye aliyenisomea." Akanyamaza. "Kanisomea kama anasoma tangazo. Nikamwambia rudia, akarudia vile vile. Nimekaa nayo tangu jioni, sijui umekasirika au umechoka."

Sikuwa nimefikiria hilo. Maneno yangu nayo yalikuwa yamemfikia kwa mdomo wa mtoto wa darasa la nne, anayesoma kila neno kwa uzito mmoja, na shangazi alikuwa ameshinda nayo akijaribu kuyarudishia sauti yangu.

"Hebu niambie wewe mwenyewe," akasema. "Ulisemaje?"

Nilijaribu kuyasema yale maneno kwa sauti. "Nimekuelewa shangazi" ilitoka. "Sitakusumbua tena" sikuweza. Hapakuwa na namna ya kuitamka kwake ikawa kitu kingine. Nikamwambia niliandika kwa hasira, na kwamba nilikuwa sijamsikia.

"Na sasa umenisikia?"

"Nimekusikia. Hata pale mwisho."

Alikaa kimya kwa muda, si mbali na zile sekunde tatu.

"Ee," akasema. "Pale mwisho. Basi, unakuja lini?"

Nikamtajia siku.